Kazi ya Nyumbani na Fungu la Mali: Ushauri kwa Wanaoachana

Katika mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikata shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, nayo ikatamka jambo ambalo hadi siku ile majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wakilihitilafiana: ya kwamba kupika, kufua, kulea watoto na kuitunza nyumba ni kazi, na kwamba kazi hiyo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, hata kama mwenye kuifanya hakutoa senti moja ya kununulia tofali. Wengi hulitaja shauri hili kwa furaha, na aghalabu huishia hapo. Lakini aliyeisoma hukumu hadi mwisho anajua kwamba Bi Hawa mwenyewe, aliyewafungulia wenzake mlango huo, alitoka mahakamani mikono mitupu; kwani ilionekana kwamba mumewe alikwisha kumkabidhi fedha za kuendeshea shughuli ya kuinua hali ya nyumba yao, naye akazitumia ovyo, na mahakama ikaona kwamba fungu ambalo angalistahiki alikuwa amekwisha kulila.

Ndani ya hukumu hiyo moja mna mambo mawili, na ni vema mtu ayatenganishe kabla hajapiga hatua ya kwanza. La kwanza ni kutambuliwa: kazi ya nyumbani ina haki mbele ya sheria, na jambo hilo halina ubishi tena. La pili ni kiasi: haki hiyo ni kubwa au ndogo kwa kadiri ya ushahidi uliotolewa, wala hakuna hakimu awezaye kukisia kazi ambayo hakuambiwa. Kwa uzoefu wa mashauri ya namna hii, wengi wapatao kidogo hawapati kidogo kwa sababu sheria imewadharau, bali kwa sababu walikwenda kuithibitisha ndoa yao ilhali walipaswa kuithibitisha kazi yao. Ushauri ufuatao ni wa kuziba pengo hilo. Unahusu Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo itumikayo. Zanzibar ina sheria zake, na Kenya nitaigusa mwishoni.

Tuanze na maneno ya sheria yenyewe. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo huipa mahakama uwezo wa kuamuru kugawanywa kwa mali iliyochumwa na wanandoa wakati wa ndoa yao kwa juhudi zao za pamoja, na huitaka mahakama iangalie mambo manne: mila za jamii ambayo wanandoa ni watu wake, kiasi cha mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi, madeni waliyoyaingia kwa manufaa yao wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo ikiwa wapo. Baada ya kuyapima hayo, mahakama huamriwa ielekee kwenye usawa. Msomaji aangalie kwamba kazi imetajwa kwa jina lake kando ya fedha na mali, na kwamba kifungu hakisemi mke wala mume, hata mume aliyebaki nyumbani kulea watoto huku mkewe akienda kazini anaweza kukitegemea. Aangalie pia kwamba kuelekea kwenye usawa si kugawa nusu kwa nusu papo hapo. Usawa ni upande ambao mizani hulalia pale mambo mengine yasipoivuta kwingine. Na katika mambo yale manne uzinzi haumo, wala ukali wa maneno, wala uvivu wa kwenda ukweni. Mtu atumiaye siku nzima ya ushahidi kumfedhehesha mwenziwe kwa mambo ya faraghani yamkini anajenga hoja ya kuvunjiwa ndoa, lakini haongezi hata shilingi moja katika fungu lake. Kutapanya mali ni jambo jingine, nalo huhesabiwa, kama lilivyohesabiwa mwaka 1983, kwa kuwa hugusa mchango wenyewe.

Kabla ya kufika kwenye mgawanyo kuna mlango ambao ni lazima upitiwe, nao ni mlango ambao mashauri mengi yamekwama hapo. Mahakama haigawi mali ya watu ambao bado ni mume na mke wanaoishi chini ya ndoa yao. Hugawa inapotoa amri ya kuvunja ndoa au ya kutengana, au baada ya kuitoa. Na haiwezi kuvunja ndoa kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, likasikiliza pande zote, likashindwa kuwapatanisha, na likatoa hati ya kusema hivyo, ambayo makarani wa mahakama huiita Fomu Namba 3. Hati hiyo isiwe imepita miezi sita tangu kutolewa hadi siku ya kufungua shauri. Zipo hali ambazo sheria humwondolea mtu sharti la kupita barazani, mathalani mwenzi aliyetoweka asijulikane alipo, lakini asiye katika hali hizo asijaribu njia ya mkato. Kwani shauri lililofunguliwa bila hati, au kwa barua tu ya mwenyekiti wa mtaa isemayo kwamba wanandoa hawa wanagombana, laweza kusikilizwa hadi mwisho, mali ikagawiwa, kisha mahakama ya juu ikayafuta yote kwa kuwa msingi haukuwapo, na watu wakarudi walipoanzia.

Waislamu nao wasidhani kwamba talaka iliyotamkwa nyumbani imekwisha kumaliza kazi. Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu, sheria inasema kwamba baraza likishathibitisha kushindwa kwa suluhu, na mmoja wao akafanya kitendo ambacho kingeivunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu kama vile kutoa talaka, mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri yake. Amri hiyo ndiyo ufunguo wa mgawanyo. Wala mutaa, yaani kile kitoka nyumba apewacho mke aliyeachwa, usichanganywe na fungu la mali: huo ni kiliwazo cha kuagana, na fungu ni haki ya mtu katika alichokichuma.

Sasa tuchukue mfano, usiomhusu mtu yeyote ajulikanaye, tuone jinsi hesabu inavyokwenda. Mume ni dereva wa lori, safari zake za bara humchukua majuma mawili au matatu kwa mara moja. Mwaka 2007, akiwa kijana asiyeoa, alinunua kiwanja pembezoni mwa mji wa Tanga kwa shilingi 2,000,000. Alioa mwaka 2009. Kati ya 2011 na 2015 nyumba ya vyumba vitatu ilijengwa juu ya kiwanja hicho, kwa mshahara wa mume na kwa mkopo wa shilingi 6,000,000 alioupata katika chama cha akiba na mikopo kwa ajili ya mabati na mbao. Mke hakuajiriwa. Alizaa na kulea watoto watatu. Alikuwa akipokea mifuko ya saruji mume alipokuwa safarini, akiwalipa mafundi kwa fedha alizotumiwa kwa simu, akimwagilia kuta asubuhi na jioni zisipasuke. Na alikaanga maandazi ambayo faida yake ilinunua mboga na kulipa maji. Ndoa ilipovunjika, mthamini aliikadiria nyumba pamoja na ardhi yake kuwa shilingi 60,000,000, na akasema kiwanja kitupu cha kadiri hiyo mahali pale kingepata 12,000,000. Deni la mkopo limebaki shilingi 4,000,000. Kila kitu kimeandikwa kwa jina la mume.

Swali la kwanza ni kama nyumba hii imo katika mali ya kugawanywa. Mume atasema kiwanja ni changu, nilikinunua kabla sijamjua, na hati ina jina langu. Jina katika hati ni ushahidi wa kuanzia tu: sheria hudhani kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja ni yake, lakini dhana hiyo yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Ama kuhusu kununuliwa kabla ya ndoa, kifungu kile kile cha 114 kinasema kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huhesabiwa kuwa imechumwa wakati wa ndoa ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenziwe au kwa juhudi zao wote wawili. Kama kiwanja kingalibaki kitupu hadi leo, mke asingekuwa na la kudai. Lakini sasa kimebeba nyumba iliyojengwa ndani ya ndoa, hivyo kimeingia. Kununua kwa mume hakusahauliwi, ila huhamia mahali pengine: kunakuwa sehemu ya mchango wake.

Swali la pili ni deni. Mkopo uliezeka nyumba waliyoishi wote, kwa hiyo ni deni la manufaa yao wote, nalo huondolewa kwanza: 60,000,000 toa 4,000,000, inabaki 56,000,000. Kama fedha zile zingalikopwa kwa jambo la mume peke yake, mke angepaswa kulipinga deni hilo na kuonyesha fedha zilikokwenda.

Swali la tatu ndilo zito: kiasi cha mchango wa kila mmoja. Hapa hapana kanuni ya hesabu iliyoandikwa, wala mahakama haikokotoi mshahara wa mpishi na wa yaya kwa miaka yote ya ndoa kisha ikaujumlisha. Hutazama jinsi kazi ya mmoja ilivyouwezesha uchumi wa mwingine. Katika hukumu moja ya mwaka 1988 Mahakama Kuu iliieleza hoja hii kwa uwazi: mke aliyezaa, akalea na kuitunza nyumba, amemwachia mumewe nafasi ya kwenda kutafuta, na kwa hiyo amechangia katika kilichopatikana. Dereva wetu asingeweza kukaa njiani majuma matatu kama hapakuwa na mtu wa kuwalaza watoto, kuwapeleka zahanati na kuwasimamia mafundi; mshahara wake na kazi ya mkewe vilikuwa vikisukumana. Kwa ushahidi hafifu hakimu aweza kuona asilimia 30, yaani shilingi 16,800,000; kwa ushahidi ulionyooka akafika asilimia 40, yaani 22,400,000, au nusu kamili ambayo ni 28,000,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, wala mtu asiende nazo mahakamani kana kwamba ni kanuni. Zimewekwa ili msomaji aone kwamba kati ya ushahidi hafifu na ushahidi mzuri mna shilingi milioni nyingi, na nyumba ni ile ile.

Ushahidi wenyewe ukoje? Mke anayeulizwa amechangia nini, naye akajibu, «Mheshimiwa hakimu, mimi nilikuwa mke wake, nimemvumilia shida na raha,» amesema kweli, lakini hakimu hana la kuandika katika sentensi hiyo. Mwingine ajibu hivi: «Msingi ulichimbwa mwezi wa saba mwaka 2011, mume akiwa safarini. Fundi aliniletea hesabu ya mifuko arobaini, nikampigia mume, akanitumia fedha, nikanunua mwenyewe dukani. Maji ya kujengea niliyachota bombani kwa jirani, naye yupo hapa atasema.» Hakimu ataandika mstari baada ya mstari, na wakili wa upande wa pili atakuwa na kazi ngumu ya kuuliza. Utaona kwamba huyu wa pili hajadai kuwa alitoa fedha zake. Ameitaja kazi yake mahali pake, wakati wake na shahidi wake, na ameifunga na mali inayogombewa.

Kwa sababu hiyo mwenye shauri na aandike kwanza, kabla ya kumwendea wakili au karani, orodha ya mali moja moja: iko wapi, ilipatikana mwaka gani, kwa fedha zilizotoka wapi, na yeye alifanya nini juu ya mali hiyo hasa. Mali isiyotajwa katika maombi haigawiwi, na mali iliyotajwa kwa maneno ya jumla kama «mashamba na viwanja kadhaa» ni kana kwamba haikutajwa. Kisha akusanye karatasi: mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, stakabadhi za saruji na mabati, taarifa ya miamala ya simu ambayo kampuni humpa mwenye laini akiiomba, daftari la kikoba lenye jina lake na akiba alizoweka. Asiye na karatasi asikate tamaa, maana kazi ya nyumbani haina stakabadhi, na ushahidi wa mdomo ni ushahidi. Lakini awe na watu: fundi aliyelipwa naye, jirani aliyemwona akisomba maji, mjumbe aliyeshuhudia mauziano, mwalimu ajuaye ni nani aliyekuwa akija shuleni. Shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake hushinda jamaa watano waliokuja kusema kwamba ndugu yao ni mtu mwema. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, katika shauri lililosikilizwa Tanga, kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na asiyeuleta asiilaumu mahakama kwa kutouona.

Dai lenyewe nalo lina mipaka yake. Mali iliyo juu ya ardhi ya baba mkwe, au iliyoandikwa kwa jina la kaka wa mume, haigawiwi kwa kudhani. Mdai athibitishe kwamba ni ya wanandoa, la sivyo itatoka katika orodha hata kama yeye ndiye aliyesomba kila tofali. Matunzo ya watoto nayo ni dai la peke yake: baba aliyetoa fungu kubwa la nyumba hajajikomboa na ada za shule, wala mama aliyepewa watoto hajapewa nyumba kwa sababu hiyo tu, ingawa mahitaji yao yataangaliwa. Na wale walioishi pamoja bila kufunga ndoa wajue kwamba sheria huwadhania kuwa wameoana ikiwa waliishi hivyo kwa miaka miwili au zaidi na watu wakiwatambua kuwa mume na mke. Dhana hiyo ikivunjwa kwa ushahidi, mahakama bado yaweza kutoa amri juu ya mali walizochuma.

Kuna jambo la kufanya mapema, hata kabla ya kwenda barazani. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi mwingine, na mwenzi huyo ana haki ya kuweka zuio kwa msajili wa hati, ambalo maofisa wa ardhi huliita kavieti. Anayesikia minong'ono ya dalali na asiweke zuio, baadaye huenda akapata hukumu nzuri juu ya nyumba iliyokwisha kupita mikononi mwa mnunuzi, na kumfuata mnunuzi ni shauri jingine refu.

Na hukumu ikikaribia, mdai aiombe mahakama isiseme asilimia peke yake. Amri isemayo «mke apewe asilimia 40 ya nyumba» huzaa ugomvi wa miaka, kwa kuwa nyumba haikatwi kama samaki wa jodari. Amri iliyo kamili hutaja thamani iliyokadiriwa na mthamini, huchagua kama mume atabaki na nyumba na kumlipa mwenziwe au nyumba itauzwa na fedha zigawanywe, huweka muda wa kulipa, na husema muda huo ukipita bila malipo nyumba itauzwa kwa mnada. Mambo hayo yaombwe kwa maneno hayo hayo katika maombi ya mwisho.

Ndugu zetu wa Kenya wana njia iliyo wazi zaidi kwa upande mmoja na yenye sharti zaidi kwa upande mwingine. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya 2013 imeorodhesha michango isiyo ya fedha: kazi za nyumbani na usimamizi wa makazi, malezi ya watoto, usuhuba wa mwenzi, usimamizi wa biashara au mali ya jamaa, na kazi ya shambani. Lakini sheria hiyo hiyo inasema umiliki hufuata mchango wa kila mmoja, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika hukumu yake ya Januari 2023, ilishikilia kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa na Katiba haumpi mtu nusu ya mali kwa kuwa tu alikuwa katika ndoa. Ni lazima mchango uthibitishwe, na katika shauri lile ulithibitishwa hata wakagawana sawa. Mwislamu wa Kenya naye ana hiari ya kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Hivyo, hata mahali ambapo kazi ya nyumbani imeandikwa katika sheria kwa jina lake, mzigo wa kuithibitisha unabaki juu ya anayeidai.

Asiyeridhika na uamuzi Tanzania Bara ana siku 45 za kukata rufaa, na rufaa hutazama kumbukumbu za ushahidi uliokwisha kutolewa. Haimpi mtu nafasi ya kumwita fundi aliyesahauliwa wala kulitoa daftari lililoachwa kabatini. Fundi huyo na aitwe katika mahakama ya kwanza, na daftari hilo lipokewe huko na kupewa namba ya kielelezo.